Chupa ya 664, ya 103, ya 003 au ya 101: picha uliyotumiwa inalingana na printa gani?

Mwenye sekretaria karibu na Kasapa hawezi kufunga mashine katikati ya msimu wa TFC ili ateremke mjini kutafuta wino. Anapiga picha ya chupa iliyokwisha, anaituma dukani kwa WhatsApp, na kijana wa pikipiki anafuata mzigo. Njia hii ni nzuri na inaokoa muda. Huharibika pale picha inapojibiwa harakaharaka: muuzaji anaona chupa nyeusi ya Epson, anatoa chupa nyeusi ya Epson, na wino usio wa mashine ile unaishia ndani ya tangi.

Kartushi ikikosewa, printa huikataa na ujumbe hutokea. Chupa ikikosewa, hakuna kinachokataa. Chupa hizi ninazozilinganisha hapa hazina chipu, na printa ya tangi haina namna ya kuonja kilichomwagwa ndani yake. Itavuta, itachapa, na tatizo litajitokeza baadaye, wakati wino umeshafika kwenye mirija na kichwa cha kuchapia. Ndiyo maana nimeamua kuzungumzia zaidi chupa za Epson za mfululizo wa L. Ndizo zinazochanganya watu wengi hapa Lubumbashi, kwa sababu bidhaa zinatufikia kwa njia nyingi: nyingine zinapandia Kasumbalesa, nyingine zinatoka Dubai, nyingine zimekuja pamoja na printa zilizokwisha kutumika Ulaya. Kila njia ina namba zake.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Cha kwanza ni namba kubwa iliyo mbele ya chupa, pamoja na jina la kampuni. Namba peke yake haitoshi. Mtu akiandika "nataka 103" bila kutaja kampuni, anaweza kuwa na maana ya chupa ya Epson, au tona ya HP 103A ya printa za Neverstop, au kartushi ya tona ya Canon ya LBP2900, ambayo katika soko la Amerika huitwa 103 na Ulaya huitwa 703. Ni vitu vitatu ambavyo havina uhusiano wowote.

Cha pili ni ujazo kwa mililita. Hiki ndicho kigezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hata picha ikiwa na ukungu, maandishi ya "65 ml" au "70 ml" au "127 ml" mara nyingi yanasomeka, na yanakata nusu ya mashaka papo hapo.

Cha tatu ni namba ndogo ya bidhaa, ile inayoanza na T au C13T, iliyoandikwa ubavuni mwa chupa au kwenye boksi. Kwenye chupa za Epson ninazozieleza hapa, tarakimu inayofuata herufi za familia inataja rangi: 1 ni nyeusi, 2 ni samawati, 3 ni majenta, 4 ni njano. Hili lina faida kubwa, kwa maana wino wa samawati na wa majenta ukiwa ndani ya chupa huonekana mweusi, hasa ukipigwa picha usiku chini ya balbu ya njano.

Cha nne ni aina ya wino wenyewe. Kuna wino wa kuyeyuka, ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, na kuna wino wa chembe, ambao rangi yake ni unga laini sana unaoelea. Kwenye lebo za kigeni huandikwa Dye kwa ule wa kwanza na Pigment kwa ule wa pili. Wa chembe hauchuruziki karatasi ikilowa maji; wa kuyeyuka hupita kwa urahisi kwenye matundu membamba sana ya kichwa na hung'aa vizuri kwenye picha. Hazibadilishani.

Cha tano hakimo kwenye picha ya chupa: ni jina la printa. Lisomwe mbele ya mashine, penye maandishi makubwa kama L355 au L3150. Watu wengi huigeuza printa na kupiga picha kibandiko cha nyuma, wakatuma namba inayoanza na C ikifuatwa na tarakimu tatu na herufi. Hiyo ni namba ya usajili wa kiwandani. Si jina la biashara, na huwezi kununulia wino.

Chupa ya Epson 664

*Kinachoonekana pichani.* Namba 664 mbele, 70 ml kwa rangi zote nne ikiwemo nyeusi, na namba ndogo za T6641 hadi T6644. Kifuniko chake kina ncha ndefu nyembamba: unavunja ncha, unatoa kile kizibo cha ndani, unarudisha kifuniko na kumimina kwa mkono huku jicho likiangalia mstari wa tangi. Ukiona ncha ndefu ya namna hiyo kwenye chupa ya Epson, anza kufikiria 664, kisha tafuta namba ili uhakikishe. Chupa za 673, ambazo ni za printa za picha zenye rangi sita kama L805 na L1800, nazo zina 70 ml, na hizo wenye studio wanazijua vizuri.

*Printa zinazoipokea.* Ni zile za kizazi cha awali: L110, L130, L210, L220, L300, L310, L355, L365, L455, L550, L555, L565, pamoja na L1300 ya karatasi za A3. Ukiangalia kwa mbali utaziona nyingi zina tangi lililobandikwa ubavuni mwa mashine kama sanduku la ziada.

*Ikimwagwa pasipo pake.* Wino wote wa 664 ni wa kuyeyuka, hata mweusi. Ukiingia kwenye L3110 hautaganda siku hiyo hiyo, lakini haukupimwa kwa kichwa kile, na rangi zitaanza kupotoka: ngozi za watu kwenye picha zinaelekea wekundu au ukijani bila mtu kuelewa sababu. Kumimina nako kunakuwa kwa shida, maana tundu la tangi la L3110 limetengenezwa lipokee chupa ya kichwa tofauti.

*Anayefaa kuinunua.* Mwenye L355 au L220 yake inayomfanyia kazi vizuri. Kampuni inakadiria kurasa 4,000 kwa chupa nyeusi na 6,500 kwa chupa tatu za rangi zikitumika pamoja, kwa hiyo mashine hizi za zamani bado zinaibeba sekretaria ndogo bila tabu. Uangalifu wake mmoja ni kumimina polepole, maana hakuna kinachozuia tangi kufurika.

Chupa ya Epson 103, pamoja na 003

Hizi mbili naziweka chini ya kichwa kimoja kwa makusudi, na nitakaa hapa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo maswali mengi yanapotoka.

*Kinachoonekana pichani.* Zote mbili ni za 65 ml, nyeusi na za rangi sawasawa. Umbo lao ni lile lile kwa macho ya kawaida. Tofauti ni namba: ya 103 ina namba ndogo za T00S (T00S1 nyeusi, T00S2 samawati, T00S3 majenta, T00S4 njano), na ya 003 ina T00V kwa mpangilio huo huo wa rangi. Kidole kikifunika tarakimu ya kwanza, kinachobaki ni "03", na hapo ndipo mabishano huanza kati ya mteja na muuzaji.

*Printa zinazoipokea.* Familia iliyotoka 2018 na ndugu zake waliofuata: L1110, L3110, L3111, L3150, L3151, L5190, kisha L1210, L3210, L3250, L3251, L3260 na L5290. Namba 103 ndiyo Epson iliyoitengea masoko ya Afrika, Mashariki ya Kati na Ulaya ya Mashariki. Namba 003 imetengewa masoko ya Asia, India ikiwemo. Amerika ya Kusini, printa hizo hizo za L3110 na L3150 huuziwa chupa ya 544. Ulaya ya Magharibi, mashine za aina hiyo huuzwa kwa majina ya ET, mfano ET-2710 na ET-2720, na chupa yake ni 104. ET-2720 iliyouzwa Marekani inatajiwa 522. Zote hizo ni za 65 ml na wino wao wote ni wa kuyeyuka.

Swali linalofuata ni lile ambalo kila mtu analiuliza: nina L3150 iliyonunuliwa hapa, inatajiwa 103, lakini dukani ipo 003 tu, ninunue? Kampuni inamwambia kila mteja atumie namba ya soko lake, na kama mashine yako iko chini ya garantii, fuata hivyo. Kwa mashine iliyotoka garantii, mimi naikubali 003 ya kweli ndani ya L3150 bila wasiwasi, kwa kuwa jina la printa ni lile lile pande zote mbili na aina ya wino ni ile ile. Ninachokikataa ni kubadilisha rangi moja tu na kuziacha nyingine za chanzo tofauti kwenye mashine ya kuchapia picha, maana ukileta majenta ya huku na samawati ya kule, ukilinganisha picha ya jana na ya leo zinaweza zisifanane. Kwa kurasa za maandishi hilo halina uzito.

*Ikimwagwa pasipo pake.* Chupa ya 103 ikipelekwa kwa mwenye L355, kichwa chake hakikai kwenye tundu la tangi lile. Kichwa hicho kimeundwa kisimame wima juu ya tundu la L3110 na ndugu zake, wino ushuke wenyewe hadi mstari wa juu, kisha uache. Watu hulazimisha kwa kukifungua na kumimina kwa mkono, na hapo wanachafua meza na bado wameweka wino ambao mashine yao haikutajiwa. Chupa ya 103 ikienda kwa mwenye L4150, shida ni kubwa zaidi kwenye rangi nyeusi, na nitaieleza chini.

*Anayefaa kuinunua.* Yeyote mwenye mashine ya familia ya L3110 au L3250, ambazo siku hizi ndizo nyingi kwenye sekretaria za komuni za Kamalondo na Kenya, na mbele ya chuo. Makadirio ya kampuni kwa 103 ni kurasa 4,500 kwa nyeusi na 7,500 kwa rangi tatu pamoja.

Chupa ya Epson 101

*Kinachoonekana pichani.* Nyeusi ni chupa nene ya 127 ml, na za rangi ni za 70 ml. Namba ndogo ni T03V. Ukiona 127 ml kwenye chupa nyeusi ya Epson, usiifikirie tena 664 wala 103. Ndugu yake wa Asia anaitwa 001, na ndugu yake wa Ulaya anayekuja na mashine za ET-2750 anaitwa 102. Nao wana chupa nyeusi kubwa hivyo hivyo.

Mtego upo kwenye chupa za rangi. Chupa ya samawati ya 101 ina 70 ml, sawa kabisa na ya 664. Mililita hapo hazikusaidii, inabidi usome namba au uangalie kichwa cha chupa: ya 101 haina ile ncha ndefu ya kuvunjwa.

*Printa zinazoipokea.* L4150, L4160, L4260, L6160, L6170 na L6190. Mashine hizi kwa kawaida zina tangi mbele ndani ya mwili wa printa, na vichwa vya chupa vimepewa umbo tofauti kwa kila rangi ili nyeusi isiingie kwenye tangi la njano.

*Ikimwagwa pasipo pake.* Nyeusi ya 101 ni wino wa chembe, ilhali rangi tatu ni za kuyeyuka. Ukiimimina nyeusi hiyo kwenye L3110 au L355, umeingiza unga unaoelea kwenye kichwa kilichotengenezewa wino usio na chembe. Dalili ya kwanza utaiona kwenye ile karatasi ya kukagua nozeli: mistari ya nyeusi inakatika mahali pamoja, unasafisha kichwa, inarudi, kesho yake inakatika pengine na kwa upana zaidi. Kila usafishaji unavuta wino kutoka rangi zote na kuujaza kwenye pedi ya taka iliyo chini ya mashine, kwa hiyo kusafisha mara kwa mara ni kuongeza hasara nyingine juu ya ile ya kwanza. Kinyume chake, nyeusi ya 103 ndani ya L4150 haitazibisha kichwa haraka, ila maandishi yatapauka, na hati ikilowa jasho la mkono au tone la mvua itachuruzika. Kwa mtu anayechapa vyeti, hilo ni jambo zito.

*Anayefaa kuinunua.* Ofisi yenye L4150 au L6190 inayochapa barua na hati nyingi kuliko picha. Chupa nyeusi moja inakadiriwa kurasa 7,500.

Chupa isiyo na jina la kampuni ya printa

Hii nayo hutumwa sana kwenye picha, na inastahili kutendewa haki kama nyingine.

*Kinachoonekana pichani.* Chupa ya 70 ml au 100 ml, yenye orodha ndefu mbele: 664, 003, 103, 544, wakati mwingine 101 pamoja nazo. *Printa zinazoipokea:* kwa wino wa rangi na wa kuyeyuka, orodha ya 664 na 103 inaeleweka. Lakini chupa nyeusi inayodai kufaa 103 na 101 kwa pamoja haiwezi kuwa sahihi kwa zote mbili, maana moja inataka wino wa kuyeyuka na nyingine wa chembe. Tafuta neno Dye au Pigment ubavuni. Lisipokuwepo, sishauri kuinunua. *Ikimwagwa pasipo pake,* dalili ni zile zile nilizozieleza. *Anayefaa:* anayechapa maandishi kwa wingi kwa bei ndogo kwenye mashine iliyokwisha garantii, na ambaye amepata chupa ya aina moja ataendelea nayo. Kwa studio ya picha, hapana.

Picha moja tuifuate mpaka mwisho

Tuchukue mama mmoja mwenye sekretaria Katuba. Ametuma picha na kuandika: "Ndugu, nyeusi imeisha, niletee ya namna hii. Mashine ni hii C ya nyuma." Kwenye picha kuna chupa ya Epson iliyoshikwa mkononi, kidole gumba kiko juu ya namba, panasomeka "03" tu, na pembeni "65 ml". Picha ya pili ni kibandiko cha nyuma ya printa.

Tunaanza na mililita. 65 ml inaondoa 664, kwa sababu zile ni 70. Inaondoa pia 101, kwa sababu nyeusi yake ni 127 na rangi zake ni 70. Tumebaki na familia ya 103, 003, 104, 544 na 522. Ile "03" inatuachia 103 au 003.

Sasa tunamjibu: "Mama, tafadhali geuza chupa, upige picha ya upande wenye herufi ndogo, halafu uitume kama dokima, siyo kama picha ya kawaida." Hili la dokima si urembo. WhatsApp huibana picha ya kawaida, na herufi ndogo zinakuwa ukungu. Faili ikitumwa kama dokima inafika ilivyo. Kama hawezi, aziandike herufi kwa mkono. Tunamwomba pia jina lililo mbele ya printa.

Jibu linakuja: mbele ya printa pameandikwa L3150. Ubavuni mwa chupa pana T00V3.

T00V ni familia ya 003, kwa hiyo hapo mwanzo aliwahi kuuziwa chupa ya soko la Asia, na L3150 inaikubali. Lakini ile 3 ya mwisho inasema majenta. Chupa aliyoipiga picha si nyeusi, ilionekana nyeusi kwa mwanga wa chumba tu. Tukimpelekea "ya namna hii" tutakuwa tumempa majenta, na yeye ameishiwa nyeusi. Na kama asingeangalia, angeimimina kwenye tangi la nyeusi. Swali la mwisho kwake ni moja: "Mama, tangi lipi liko chini ya mstari, la nyeusi au la majenta?" Anaangalia, anasema la nyeusi. Anapelekewa 103 nyeusi yenye namba T00S1, au 003 yenye T00V1, iliyopo.

Tuseme sasa wino usio wenyewe umeshamwagwa, na bado hajachapa hata ukurasa mmoja. Asiwashe printa na asisafishe kichwa, kwa sababu kusafisha ndiko kunakovuta wino mpya mpaka ndani. Auvute wino kutoka tangini kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, aujaze wino sahihi, autoe tena mara moja ili usuuze mabaki, kisha ajaze mara ya mwisho. Kama ameshachapa kurasa nyingi, wino uko kwenye mirija, na hapo ni kazi ya fundi wa kusafisha mirija na kichwa.

Na picha ikiwa ya kartushi ya HP?

Hapa hatari inageuka: hutaharibu printa, utapoteza fedha ya kartushi. Mfano mzuri ni HP 123, 652 na 302. Zikiwa mkononi zinafanana, na picha ya umbo haikusaidii kitu. Lazima namba isomeke.

HP 652 ni ya DeskJet Ink Advantage 2135, 3635, 3835 na 4535. HP 123 ni ya DeskJet 2130 iliyouzwa masoko yetu. HP 302 ni ya DeskJet 2130 hiyo hiyo iliyouzwa Ulaya, na iliyouzwa Amerika ya Kaskazini inatumia 63. Mtazame vizuri: kati ya 2130 na 2135 kuna tofauti ya tarakimu moja, nayo inabadilisha kartushi, na 2130 mbili zilizokaa mezani pamoja zinaweza kuhitaji kartushi tofauti kwa sababu moja ilitoka Brussels na nyingine ilinunuliwa hapa mjini. Printa hizi hujifunga kwenye ukanda wa kartushi zilizowekwa mwanzo, na kartushi ya ukanda mwingine hukataliwa hata ikiwa imeingia vizuri.

Kwa hiyo kwa HP, picha ninayoitaka ni ya kartushi iliyomo ndani ya mashine na ambayo mashine iliikubali, pamoja na kibandiko kilicho ndani ya mlango wa kartushi. Picha ya kartushi iliyookotwa kabatini haina maana kubwa. Mwenye printa iliyotoka Ulaya ajue mapema kwamba atakuwa akiitafuta 302, na kama hapati muuzaji wa kudumu, mashine ya tangi itampunguzia usumbufu.

Kulingana na hali yako

Una L355, L220 au jamaa zao: tafuta 664, hakikisha 70 ml na ncha ndefu. Usishawishiwe na anayesema "103 ndiyo mpya yake". Si toleo jipya la 664, ni ya mashine nyingine.

Una L3110, L3150, L3210 au L3250: 103 kwanza, 003 ni sawa kama mashine haina garantii tena na chupa ni halisi. Ukiwa unachapa picha za pasipoti kila siku, nunua rangi tatu kwa pamoja na za namba moja.

Una ET-2710 au ET-2720 iliyoletwa kutoka Ulaya: uliza 104. Ukikosa, 103 ni ya familia hiyo hiyo ya wino, nami ningeikubali kwa kazi ya maandishi.

Una L4150, L6170 au L6190: 101, na kwa nyeusi usikubali mbadala wowote ambao haujaandikwa Pigment.

Wewe ndiye muuzaji na picha haisomeki: omba ubavu wa chupa kwa dokima, omba jina la mbele ya printa, na uulize ni tangi lipi limeshuka. Mteja akisema hana muda, mwambie pikipiki isiondoke kwanza, kwa sababu chupa ikishafunguliwa haiwezi kurudishwa.

Umepewa printa bila chupa wala boksi, na tangi bado lina wino: nunua kwa jina la printa, usinunue kwa rangi inayoonekana tangini, kisha chapa ile karatasi ya kukagua nozeli kabla ya kuongeza chochote. Ikiwa nyeusi tayari inakatika, peleka kwanza kwa fundi aangalie ni wino gani ulimo.